Vifaa viwili, anwani moja: maswali ya mafundi kuhusu mtandao wa kiwanda

Majibu haya ni ya fundi anayeitwa usiku kwa sababu skrini ya mashine imekatika na hakuna anayejua kwa nini. Karibu yote yanafuata mfano mmoja: kiwanda cha kufunga mafuta ya kupikia huko Changamwe, ambako niliitwa mara mbili katika mwezi mmoja. Mara ya kwanza anwani za IP zilikuwa zimegongana, mara ya pili maski ya mtandao ilikuwa imewekwa vibaya. Anwani za MAC zinazoonekana humu ni za mfano tu, si za vifaa vyenyewe.

Nitajuaje kwamba anwani zimegongana, na si kebo mbovu?

Kebo mbovu huharibu mawasiliano na kila mtu. Mgongano wa anwani huchagua. Kifaa kimoja kinakuambia mashine iko hewani, cha pili kinakuambia haipo, na baada ya dakika chache wanabadilishana.

Pale Changamwe ilikuwa laini ya pili ya kujaza chupa. Opereta wa zamu aliniambia, "Fundi, hii skrini yaenda yarudi. Nikiitazama hesabu ya chupa iko, nikigeuka ni vistari vitupu." Fundi wa umeme, mzee aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi, alikuwa ameshaikata ile kebo na kuibana kichwa kipya mara mbili. Nikaenda nayo kwenye kipimo. "Mzee, kebo ni nzima," nikamwambia. "Basi ni nini, mwanangu? Taa ya swichi yawaka, mashine yafanya kazi, skrini peke yake yakufa."

Maneno yake ya mwisho ndiyo yaliyonielekeza. Mashine ilikuwa ikijaza chupa bila kusita, maana yake kidhibiti, ile PLC, kilikuwa kizima. Taa ya swichi haikuzimika hata mara moja. Kilichokatika ni mazungumzo kati ya skrini na anwani `192.168.10.20`, na swali likawa: nani mwingine anaitikia jina hilo?

Kuna ishara ndogo ambayo wengi huipita. Ukiacha `ping -t` ikiendelea, tazama namba ya TTL mwishoni mwa kila mstari. Kifaa kimoja kilichoko kwenye mtandao huohuo hakibadilishi TTL yake. Ukiona 64, 64, 64, halafu ghafla 128, 128, aliyekujibu mwanzo siye anayekujibu sasa. Zikilingana lakini, bado hujathibitisha lolote, kwa sababu vifaa vingi tofauti huanzia namba ileile.

Kwa nini tatizo limeanza leo, na hakuna aliyegusa kitu?

Mara nyingi ni stima. Kiwandani vifaa huwashwa kwa mpangilio usioandikwa popote: kidhibiti hubaki kimewaka siku zote, printa na mizani huwashwa asubuhi na opereta. Stima ikikatika usiku na kurudi, vyote huamka kwa mara moja, na mpangilio ule unavunjika.

Hilo lina uzito kwa sababu ya namna vifaa vinavyoomba anwani. Vifaa vingi vya sasa hufuata utaratibu wa RFC 5227 wa mwaka 2008. Kabla ya kuitumia anwani, kifaa huuliza mtandao mzima mara tatu, "Kuna mwenye anwani hii?" Kikisikia jibu, kinaiacha. Vidhibiti vya zamani vingi havina adabu hiyo. Vikiamka vinaichukua anwani vilivyopewa na kuendelea na kazi.

Aliyegongana na kidhibiti pale Changamwe, nilivyokuja kugundua baadaye, ni printa ya kuandika tarehe kwenye chupa. Ilikuwa imebadilishwa bodi, na aliyeitengeneza akaiwekea `192.168.10.20` bila kuuliza. Wiki tatu ilikaa hivyo bila kuleta shida. Kila asubuhi ilipowashwa iliuliza, ikakuta kidhibiti kinaitikia, ikanyamaza. Printa yenyewe iliendelea kuandika tarehe vizuri, kwa sababu kazi hiyo haihitaji mtandao, kwa hivyo hakuna aliyejua kwamba iko nje. Usiku stima iliporudi, printa iliamka kabla ya kidhibiti kumaliza kujiandaa. Ikauliza, ikakuta kimya, ikaichukua anwani. Kidhibiti kikaamka baada yake, nacho hakiulizi.

Ndiyo maana ukiuliza "nani ameongeza kifaa leo?" utapata majibu ya kweli yasiyokusaidia. Uliza nini kimebadilishwa tangu mara ya mwisho stima ilipokatika.

Mbona kompyuta yangu haikunionya?

Windows huonya tu pale kompyuta yenyewe inapogongana na mwingine. Hapo `ipconfig /all` itaonyesha neno `(Duplicate)` baada ya anwani, mara nyingi ikifuatiwa na anwani ya kujichagulia inayoanza na `169.254`. Kwenye kumbukumbu za mfumo utakuta tukio namba 4199 kutoka `Tcpip`, lenye anwani ya MAC ya yule mwingine. Ukilikuta tukio hilo, nusu ya kazi yako imekwisha. Lakini wakigombana printa na kidhibiti, laptopu yako ni mpita njia, wala haiambiwi kitu.

Nianzie wapi?

Anza na anwani ya MAC, kabla hujachomoa kebo yoyote. IP ni jina ambalo yeyote anaweza kupewa. MAC ni namba iliyotoka kiwandani na kadi ya mtandao, na ndiyo itakayokuongoza hadi kwenye kebo.

Unganisha laptopu kwenye mtandao huohuo, bila rauta katikati. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, kisha:

```
arp -d 192.168.10.20
ping -n 1 192.168.10.20
arp -a 192.168.10.20
```

Mstari wa kwanza unafuta kumbukumbu ya laptopu kuhusu nani mwenye anwani hiyo. Wa pili unailazimisha kuuliza upya kwa ARP, yaani lile swali la nani mwenye anwani hii. Wa tatu unakuonyesha jibu lililobaki. Rudia mistari hii mitatu mara kumi na uandike MAC kila mara. Mimi nilipata `00-00-5e-00-53-1a` mara saba, na `00-00-5e-00-53-c4` mara tatu. Usisome chochote katika hesabu hiyo ya saba na tatu. Vifaa vyote viwili hujibu kila mara. Jibu litakalobaki linategemea nani amewahi na kompyuta yako inavyopokea majibu mawili.

Ukiwa na Linux, amri moja inatosha:

```
arping -b -I eth0 -c 5 192.168.10.20
```

Hiyo `-b` usiisahau. Bila hiyo, `arping` ikishapata jibu la kwanza huendelea kumuuliza huyohuyo peke yake, na yule wa pili atakupotea baada ya mstari wa kwanza. Badala ya `eth0` weka jina la kadi yako.

Mara nyingine mgongano huja na kwenda, na hukai pale saa nzima. Hapo acha Wireshark inase pakiti, kisha uchuje kwa `arp.duplicate-address-detected`. Itakuonyesha pakiti ambazo anwani moja imedaiwa na MAC mbili.

Nina MAC mbili. Ipi ni ya mwenyewe na ipi ni ya mgeni?

Soma lebo ya kifaa ambacho unajua anwani ni yake. Ya kidhibiti chetu iliishia `1a`, kwa hivyo mgeni alikuwa `c4`. Hapa pwani lebo nazo ni shida: unyevu na hewa ya chumvi huzila, na paneli iliyo karibu na bahari inaweza kukuachia karatasi nyeupe tu. Ikiwa lebo haisomeki, programu ya kukiandikia kidhibiti kwa kawaida huonyesha MAC ukiunganishwa nacho kwa kebo ya USB. Usitumie mtandao kwa kazi hiyo, kwa sababu hujui utakuwa unazungumza na nani.

Jozi tatu za mwanzo za MAC hutaja mtengenezaji. `00:90:E8` ni Moxa, `00:30:DE` ni WAGO, `00:A0:45` ni Phoenix Contact. Hilo linasaidia kupunguza orodha, ila kumbuka ni mtengenezaji wa kadi ya mtandao. Mizani yenye jina la kampuni moja mlangoni inaweza kuwa na kadi ya kampuni nyingine ndani.

Nitajuaje mgeni amechomekwa wapi?

Ulizia swichi. Swichi inayosimamiwa huweka jedwali la MAC na tundu iliyotokea. Kwa swichi za Cisco:

```
show mac address-table address 0000.5e00.53c4
```

Jibu litataja tundu. Ikiwa tundu hilo linaelekea swichi nyingine, hamia huko na uulize tena, hadi ufike kwenye tundu lisiloelekea swichi. Kwa kawaida swichi hizo husahau MAC iliyokaa kimya kwa sekunde 300, kwa hivyo acha ping ikiendelea ili mgeni asinyamaze ukiwa njiani.

Nimefika, lakini nyuma ya tundu hilo kuna swichi ndogo isiyo na usimamizi na vifaa vinne. Nifanyeje?

Hapa ndipo watu huchomoa kebo moja baada ya nyingine na kutazama ping, kisha wanachanganyikiwa: wakimchomoa mgeni, mwenye anwani halisi anaendelea kujibu, na ping haikatiki kabisa. Lazima kwanza uifanye laptopu imwite mgeni peke yake. Unaipa jibu mwenyewe, isiulize mtandao:

```
netsh interface ipv4 add neighbors "Ethernet" 192.168.10.20 00-00-5e-00-53-c4 store=active
ping -t 192.168.10.20
```

Sasa kila ping inakwenda kwa MAC ya mgeni tu. Kidhibiti hakiisikii. Badala ya `Ethernet` andika jina la kadi kama linavyoonekana kwenye `ipconfig`.

Kwenye paneli ile kulikuwa na mashine ya lebo, mizani, printa ya tarehe na draivu ya mota ya mkanda. Nilimwomba msimamizi wa zamu dakika tano wakati wanabadilisha katoni. Nikachomoa mizani: ping ikaendelea. Nikairudisha. Nikachomoa printa: `Request timed out`. Nikairudisha, baada ya sekunde chache majibu yakarudi. Nikachomoa mara ya pili nipate uhakika, ikanyamaza tena. Draivu sikuigusa kabisa, na nashukuru, kwa sababu draivu inayoamriwa kupitia mtandao huweza kusimamisha mkanda pale kebo inapotoka.

Ukimaliza, futa ulichoandika, la sivyo laptopu yako itaendelea kumtafuta mgeni hata baada ya kuondoka:

```
netsh interface ipv4 delete neighbors "Ethernet" 192.168.10.20
```

Si rahisi zaidi kuchomoa kidhibiti na kuona kama ping inaendelea?

Ni rahisi, na inathibitisha mgongano kwa sekunde kumi. Lakini kidhibiti kinachosoma vihisi vyake kupitia kebo hiyohiyo kitasimamisha mashine, labda chupa zikiwa chini ya midomo ya kujazia. Fanya hivyo laini ikiwa imesimama tu.

Kwa nini skrini ilikatika na kurudi, badala ya kufa moja kwa moja?

Skrini nayo ina kumbukumbu yake ya nani mwenye `192.168.10.20`, na kila baada ya muda huuliza upya. Ikimshika kidhibiti, data inatiririka. Ikimshika printa, inaendeleza mazungumzo ambayo printa haikuyaanza. Printa inajibu kwa kuyakata, na skrini inaandika vistari. Muda wa kumbukumbu hutofautiana sana. Windows hukagua upya chini ya dakika moja, rauta ya Cisco ikiachwa na mpangilio wake wa awali hushika saa 4. Kwa hiyo usishangae ukishamwondoa mgeni na bado kifaa kimoja kinalalamika: kifute kumbukumbu yake au ukizime na kukiwasha.

Kuna MAC za ajabu ambazo si kosa?

Zipo mbili ambazo zimenipotezea muda. Ukiona MAC inayoanza na `00-00-5e-00-01`, hiyo ni anwani ya pamoja ya rauta zinazosaidiana kwa VRRP, iache. Na vifaa vilivyo nyuma ya daraja la redio lisilo na waya, vyote vinaweza kuonekana na MAC moja, ile ya daraja. Hapo jedwali la swichi litakufikisha kwenye redio na kuishia hapo. Upande wa pili lazima uende na laptopu mwenyewe.

Tuje kwenye maski. Inafanya nini hasa?

Maski humwambia kifaa nani ni jirani yake. Jirani huitwa moja kwa moja. Asiye jirani hupelekewa pakiti kupitia lango, yaani rauta. Kila kifaa huamua peke yake kwa maski yake, na hapo ndipo tatizo linapozaliwa: mimi naweza kukuona jirani huku wewe unaniona mgeni.

Kiwanda chetu kilitumia `255.255.254.0`. Kwa maski hiyo anwani za kuanzia `192.168.10.0` hadi `192.168.11.255` ni mtaa mmoja. Mwezi ule ule ililetwa mizani mpya, ikapewa `192.168.11.40`, anwani sahihi isiyo na mwenyewe. Lakini aliyeiweka aliandika maski aliyoizoea, `255.255.255.0`, na sehemu ya lango akaiacha tupu. Kwa mizani hiyo, mtaa wake ulikuwa `192.168.11` peke yake. Laptopu yangu yenye `192.168.10.50` ilikuwa ng'ambo.

Dalili zake ni zipi?

Nilipiga ping, kimya. Nikaandika `arp -a`, na MAC ya mizani ilikuwepo. Huo mchanganyiko, MAC ipo na ping haijibu, ndio alama ya kwanza. Mizani ilisikia swali langu la ARP na kulijibu. Ilipofika zamu ya kujibu ping, ikatazama maski yake, ikaona mimi si jirani, ikatafuta lango, haikulikuta, ikaitupa pakiti.

Alama hiyo haitoshi peke yake. Kinga ya moto, yaani firewall, kwenye kifaa hutoa sura ileile, na vifaa vingine havijibu ARP ya mtu wasiyemhesabu jirani. Ili kutenganisha, hamisha laptopu upande wake: nilijipa `192.168.11.50`, baada ya kuhakikisha haina mtu, na mizani ikajibu papo hapo. Kinga ya moto haibadilishi uamuzi kwa sababu tu umehama tarakimu moja, isipokuwa imeandikiwa hivyo. Maski hubadilisha. Nikaingia kwenye menyu ya mizani, nikaweka `255.255.254.0`, nikarudi kwenye anwani yangu ya zamani, ikajibu.

Kama mizani ingekuwa na lango, ingefanya kazi huku ikizungukia kwenye rauta kila pakiti. Kosa lingeonekana siku rauta inapozimwa.

Na maski ikiwa pana kupita kiasi?

Kifaa kilichopewa `255.255.0.0` humwona kila mtu wa `192.168` kuwa jirani, pamoja na walio nyuma ya rauta. Kinawaita kwa ARP badala ya kupitia lango. Kwa haki kingekosa jibu, lakini rauta nyingi huitikia kwa niaba yao, na mambo yanakwenda. Utaligundua hilo kwa `arp -a` ya kifaa chenyewe: anwani nyingi za mitaa tofauti, zote na MAC moja ambayo ni ya rauta. Siku rauta itakapobadilishwa, au huduma hiyo ikizimwa, kifaa hicho kitapoteza wote hao kwa mpigo.

Ping imeniambia hakuna pakiti iliyopotea, lakini kifaa hakipatikani. Inawezekana?

Soma mstari mzima. `Reply from 192.168.10.50: Destination host unreachable` ni laptopu yako ikijijibu yenyewe kwamba haikumpata mtu, na Windows huihesabu hiyo kama jibu. Tazama anwani iliyo baada ya `from`.

Printa nimeipata, naipa anwani mpya. Nitajuaje hiyo mpya haina mwenyewe?

Ping kimya haitoshi, kwa sababu kuna vifaa vilivyokatazwa kujibu ping. Piga ping kisha utazame `arp -a`: MAC ikitokea, kuna mtu. Isipotokea, bado kuna kifaa kinachoweza kuwa kimezimwa, kwa hiyo fanya ukaguzi huo laini zote zikiwa zimewashwa, na mizani za ghalani na kompyuta za ofisi pia. Pale Changamwe nilitaka kuipa printa `192.168.10.60`. Ping kimya, ARP kimya. Mzee akanizuia: "Hiyo ni ya ile mashine ya kufunga ya laini ya nne, imezimwa tangu mwezi wa Ramadhani, yasubiri beringi." Tukaipa `192.168.10.61`, nikaiandika kwa kalamu isiyofutika ndani ya mlango wa paneli, pamoja na maski na MAC, na nikapiga picha kabla ya kufunga.